Ripoti ya ajali kazini: simulizi, fomu ya sehemu tatu au jedwali la saa?

Mpakiaji mmoja ameumia mkono wa kulia kwenye mkanda wa kusafirishia mizigo, pale nyuma ambapo mkanda unaingia kwenye rola. Msimamizi wa zamu alikuwa ofisini. Alisikia kelele, akatoka mbio, na alipofika mkanda ulikuwa umeshasimama. Jioni hiyo aliandika ripoti hii:

"Leo mchana mpakiaji wa mkanda wa 3 amepata ajali kwa uzembe. Katoni ilikwama, naye badala ya kuzima mashine akafungua kinga ya rola na kuingiza mkono ili aivute haraka. Hakuvaa glavu. Mkanda ulimnasa na kumvunja vidole viwili. Mwenzake aliyekuwa mbali alichelewa kuvuta kamba ya dharura."

Inasomeka vizuri, na ndiyo hatari yake. Tukiuliza kila sentensi "umejuaje?", karibu yote inaporomoka. Msimamizi hakuona katoni ikikwama wala kinga ikifunguliwa. "Ili aivute haraka" ni nia, na nia iko kichwani mwa mtu. Hakuna anayeiona kwa macho. "Kumvunja vidole" ni kauli ya daktari baada ya picha ya eksirei, na saa ile majeruhi alikuwa bado hajafika hospitali. "Mbali" na "alichelewa" ni vipimo visivyo na namba. Na "uzembe" ni hukumu iliyowekwa kwenye sentensi ya kwanza, kabla ya ushahidi wowote.

Neno la glavu linahitaji kuangaliwa kidogo, maana linapita bila kupingwa. Kusema "hakuvaa glavu" kunampa msomaji picha ya mtu aliyepuuza kinga. Lakini karibu na rola inayozunguka, glavu yenyewe inaweza kunaswa na kuuvuta mkono ndani, ndiyo maana sehemu nyingi zenye mashine za kuzunguka huikataza. Mwandishi amegeuza jambo ambalo huenda lilikuwa sahihi kuwa kosa, na hakutumia hata neno moja la lawama. Alichopaswa kuandika ni alichokiona: "Sikuona glavu mkononi mwake wala sakafuni." Kama glavu ilitakiwa au la, hilo litajibiwa na utaratibu wa kazi wa mkanda ule.

Sasa, njia za kuandika ripoti ya namna hii ni tatu kwa kawaida: simulizi la mfululizo, fomu ya sehemu tatu, na jedwali la saa. Watu huchagua kwa mazoea ya ofisi. Mimi naona kinachopaswa kuamua ni pale ulipokuwa umesimama ajali ilipotokea. Tuzipime zote tatu kwa mkanda huuhuu.

Simulizi la mfululizo

Huyu ni mpakiaji wa pili, aliyevuta kamba ya dharura. Ameandika kwa maneno yake, peke yake, kabla ya kukaa na wenzake:

"Nilikuwa upande wa kupokelea wa mkanda wa 3, napanga katoni kwenye toroli, mkanda ukiwa mgongoni kwangu. Nilisikia kelele. Nilipogeuka nilimwona mwenzangu amepiga goti upande wa kushoto wa mkanda, mkono wa kulia uko kati ya mkanda na rola ya nyuma. Mkanda ulikuwa unazunguka. Nilikimbilia kamba ya dharura nikaivuta, mkanda ukasimama. Sikuona mkono ulivyoingia. Sikuangalia kama kinga ya rola ilikuwepo."

Sentensi mbili za mwisho ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote. Shahidi mzuri husema mipaka ya macho yake. Bila hizo, msomaji angedhani kwamba aliyeona mkono ndani aliona pia ulivyoingia, na hapo ndipo dhana huzaliwa.

Kwa mtu aliyekuwepo, simulizi ndiyo njia bora. Kumbukumbu huja kwa mfuatano: nilisimama hapa, nikasikia hiki, nikageuka. Ukimpa fomu yenye visanduku saa ya kwanza baada ya tukio, ataanza kujibu visanduku badala ya kukumbuka. Na akikiona kisanduku cha "chanzo", atakitafutia chanzo.

Udhaifu wake ni kwamba simulizi haipendi pengo. Tukisimulia tunaunganisha: katoni ikakwama, akafungua kinga, akaingiza mkono, ukanaswa. Kila "ka" inamvuta msomaji aamini kwamba jambo la pili limezaliwa na la kwanza, hata kama kati yake hakuna aliyeona kitu. Kwa shahidi anayesema "nili-" na "sikuona" madhara ni madogo. Kwa mtu ambaye hakuwepo, kama msimamizi wetu, ni makubwa, kwa sababu karibu hadithi yote ni mapengo na yeye anayajaza bila kujua. Kwa hiyo kanuni yangu hapa ni ngumu: simulizi iandikwe na aliyeona tu, katika nafsi ya kwanza.

Inafaa pia pale ambapo tukio ni dogo na halina ubishi. Mtu amejikata kidole kwa kisu cha kufungulia katoni, yeye mwenyewe anaeleza, jeraha limefungwa kwa plasta. Nusu ukurasa unatosha.

Fomu ya sehemu tatu

Hapa karatasi inagawanywa: niliyoyaona, niliyoambiwa, ninayoyadhani. Msimamizi wetu, aliyefika baada ya tukio, angeandika hivi:

*Niliyoyaona.* "Nilifika kwenye mkanda wa 3 saa 14:21 kwa simu yangu. Mkanda ulikuwa umesimama. Mpakiaji alikuwa ameketi sakafuni, mkono wa kulia umefungwa kitambaa chenye damu. Kinga ya rola ya nyuma haikuwa mahali pake. Ilikuwa imeegemezwa ukutani. Boliti nne zilikuwa ndani ya kopo juu ya kinga hiyo. Spana sikuiona. Saa 14:31 swichi kuu ya mkanda ilikuwa kwenye 0. Kufuli la kufungia swichi lilikuwa linaning'inia kwenye ndoano ya ubao wa makufuli. Nilipiga picha saa 14:33."

*Niliyoambiwa.* "Mpakiaji wa pili aliniambia: 'Nimevuta kamba, sijagusa swichi.' Fundi wa zamu aliniambia: 'Swichi nimeizima mimi nilipofika.' Mpakiaji aliyeumia alisema akiwa ameketi: 'Nilikuwa navuta katoni.' Sikumuuliza zaidi kwa sababu alikuwa na maumivu."

*Ninayoyadhani.* "Nadhani kinga ilikuwa imeshafunguliwa kabla ya katoni kukwama. Msingi: boliti zilikuwa zimewekwa pamoja kwenye kopo, na spana haikuwepo pale. Kinachoweza kunikanusha: mtu kuwa ameichukua spana au kuzikusanya boliti baada ya ajali."

Tazama suala la swichi. Rasimu ya kwanza ilisema mpakiaji hakuzima mashine. Tukiongozwa na jicho la msimamizi peke yake, tungeweza kusema kinyume kabisa: swichi ilikuwa kwenye 0, basi aliizima. Zote mbili ni dhana. Alichokiona ni hali ya swichi saa 14:31, na kati ya ajali na saa hiyo kuna mtu anayesema ameigusa. Hali ya kitu baada ya ajali haisemi ilivyokuwa wakati wa ajali, na kosa hili ndilo ninaloliona mara nyingi zaidi katika ripoti za mashine. Dawa yake ni ndogo: kila hali ya kitu iandikwe na saa iliyoonekana, kisha liulizwe swali moja, nani alikigusa kabla yangu? Kwa hapa, ushahidi wenye nguvu zaidi kwamba umeme haukuwa umekatwa unatoka kwa mpakiaji wa pili, aliyeuona mkanda ukizunguka mkono ukiwa ndani.

Wapo wanaosema sehemu ya tatu ifutwe kabisa, ripoti ibaki na ukweli mtupu. Naelewa hofu yao, hasa pale ripoti inapokwenda kwa bima au kwa mamlaka ya usalama kazini, ambako dhana ya msimamizi inaweza kusomwa kama kukiri. Kwa nakala ya nje, sawa, sehemu hiyo ibaki ndani ya ofisi kama utaratibu wa pale unaruhusu. Lakini kwa uchunguzi wa ndani nataka ibaki. Mtu akikatazwa kutoa maoni, hayaachi kichwani. Yanajipenyeza kwenye ukweli kupitia maneno kama "ghafla", "alishindwa", "bila kujali", "kwa haraka". Akipewa chumba chake, yanahamia huko, na unaweza kuyapima. Sharti langu ni kwamba kila dhana iandamane na mambo mawili: msingi wake, na kitu kitakachoonyesha kuwa si kweli. Dhana isiyoweza kukosolewa, kama "hakuwa makini", haina nafasi hata huko, kwa sababu hakuna unachoweza kwenda kukikagua.

Fomu hii ina matatizo mawili. La kwanza, inakata mfuatano: msomaji anakutana na kufuli kabla hajajua nani alivuta kamba. La pili ni kisanduku cha "Chanzo cha ajali", ambacho fomu nyingi zilizochapwa huwa nacho ukurasa wa kwanza, na hutakiwa kijazwe siku hiyohiyo. Nafasi tupu inaudhi, na neno jepesi la kuijaza ni "uzembe" au "kutokufuata utaratibu". Andika: "Hakijabainika. Uchunguzi unaendelea." Hayo ni majibu kamili. Mkubwa akisisitiza, mwambie kwamba kilichowekwa pale siku ya kwanza ndicho kitakachonukuliwa miezi sita baadaye.

Kosa la kugawa vibaya linatokea zaidi kati ya sehemu ya kwanza na ya pili. Msimamizi anasikia jambo kutoka kwa watu watatu, analiona limethibitika, analiweka kwenye "niliyoyaona". Huenda wote watatu walilisikia kwa mmoja. Uliloambiwa linabaki la kuambiwa hata likirudiwa na zamu nzima, na liandikwe kwa maneno ya msemaji. "Nilikuwa navuta katoni" haisemi kwamba katoni ilikwama, wala kwamba mkono uliingia wakati wa kuvuta.

Jedwali la saa

Hii ni njia ya pale vyanzo vinapokuwa vingi: mashahidi, kamera, daftari la matengenezo, simu. Safu tatu zinatosha.

| Saa | Kilichoonekana au kusemwa | Chanzo |
|---|---|---|
| 09:10 | "Rola ya nyuma mk. 3 imepakwa grisi" | Daftari la matengenezo, mwandiko wa fundi wa asubuhi |
| 14:20:07 | Mpakiaji wa pili anageuka kuelekea mkanda | Kamera ya upande wa kupokelea (saa imerekebishwa) |
| 14:20:11 | Mkanda unasimama | Kamera hiyohiyo |
| 14:21 | Msimamizi anafika | Msimamizi, saa ya simu |
| Takriban 14:25 | Swichi kuu inazimwa | Maelezo ya fundi, hakuangalia saa |
| 14:31 | Swichi kwenye 0, kufuli kwenye ndoano | Msimamizi, ameona |
| 14:33 | Kinga ukutani, boliti nne kwenye kopo | Picha |

Maneno "saa imerekebishwa" yana kazi. Kamera ilionyesha 14:26:07. Ilipolinganishwa na simu, ilikuwa mbele kwa dakika 6. Bila kuilinganisha, jedwali lingesema msimamizi alifika dakika 5 kabla ya mkanda kusimama, na mtu mwaminifu angeonekana mwongo. Linganisha saa ya kila kifaa siku ileile, uandike tofauti, na uandike ulilinganisha na nini.

Kwetu kuna mtego wa ziada. Shahidi anasema "saa nane na dakika ishirini", mwingine anaandika "2:20", kamera inasema 14:26. Anayeandika "saa 2:20" bila kueleza anaweza kusomwa kama asubuhi au mchana, na kwenye eneo lenye zamu tatu, hata usiku wa manane. Ndani ya ripoti tumia mtindo wa saa 24 kila mahali. Ndani ya alama za kunukuu acha maneno ya shahidi yalivyo, kisha ongeza tafsiri yako pembeni.

Jedwali limemaliza neno moja la ile rasimu. "Alichelewa kuvuta kamba": kutoka kugeuka hadi mkanda kusimama ni sekunde 4, na umbali kutoka alipoonyesha kuwa amesimama hadi kwenye kamba, uliopimwa kwa futi ya fundi, ni mita 4.2. Sasa hatuhitaji kubishana kuhusu kuchelewa. Namba ziko mezani na kila mtu anaweza kuzipima upya.

Faida yake nyingine ni kwamba linaonyesha mashimo waziwazi. Tazama kati ya 09:10 na 14:20: hakuna kitu. Hakuna aliyeandika kinga ilifunguliwa saa ngapi, wala kama ilirudishwa baada ya grisi. Daftari linasema rola ilipakwa grisi, na kwa mkanda huu kuifikia rola kunahitaji kufungua kinga, lakini halisemi kinga ilifungwa au haikufungwa. Kishawishi cha kuandika "fundi wa asubuhi hakurudisha kinga" ni kikubwa sana hapa, kwa sababu kinamtoa mpakiaji kwenye lawama na kila mtu anamwonea huruma. Lakini lawama iliyohamishwa bila ushahidi ni ileile. Kinachofuata ni orodha ya maswali: fundi wa asubuhi aliiacha katika hali gani, nani alipita hapo mchana, picha za kamera nyingine zipo, zamu iliyopita ilikabidhi vipi?

Jedwali lina ubaya wake. Linaupa kila mstari sura ya uhakika uleule, ilhali sekunde za kamera na "takriban" ya fundi si kitu kimoja. Ndiyo maana safu ya chanzo haikwepeki. Jedwali lenye saa na tukio pekee ni simulizi lililovaa mistari. Pia halina mahali pa mambo yasiyo na saa: mwanga ulivyokuwa, kelele, sakafu, mpakiaji amefundishwa lini kutumia kufuli. Hayo yaandikwe chini yake kwa aya fupi.

Kwa hiyo uchague ipi

Kama uliona tukio kwa macho yako, andika simulizi, peke yako, siku hiyohiyo, kabla ya kuzungumza na wengine. Mashahidi wakikaa pamoja kwa saa moja hutoka na hadithi moja, nawe umepoteza mashahidi watatu umebaki na mmoja.

Kama ulifika baadaye, au ripoti ni wajibu wako kama msimamizi, tumia fomu ya sehemu tatu. Na kama ofisi yako inaruhusu njia moja tu, naichagua hii bila kusita, kwa sababu inakulazimisha kukiri ambacho hukukiona, na wasimamizi wengi wanaandika kuhusu matukio ambayo hawakuyashuhudia. Kama fomu ya ofisi ina nafasi moja kubwa isiyogawanywa, andika vichwa hivyo vitatu kwa kalamu ndani yake.

Jedwali lianze pale vyanzo vinapozidi viwili au watu wanapotofautiana kuhusu nini kilitangulia. Si la siku ya kwanza. Likianzishwa mapema mno, mistari hujazwa kwa makisio ili lisionekane na mapengo. Kwa mkanda wa 3 ningeambatanisha simulizi la mpakiaji wa pili na la fundi kama yalivyo, fomu ya msimamizi juu yake, na jedwali baada ya kamera na daftari kupatikana.

Njia yoyote utakayochagua, ripoti iliyosainiwa haifutwi. Wiki moja baadaye barua ya daktari inakuja na kusema kidole kimoja kimevunjika, kingine kimechanika tu. Usirudi kwenye ukurasa wa kwanza kusahihisha "kitambaa chenye damu", kwa sababu hicho ndicho kilichoonekana. Ongeza karatasi ya nyongeza yenye tarehe, jina la anayeiandika na chanzo: "Kwa mujibu wa barua ya daktari ya tarehe fulani." Na fundi wa asubuhi akieleza habari ya kinga, maelezo yake yanaingia vivyo hivyo, chini ya niliyoambiwa, kwa maneno yake, huku dhana ya msimamizi ikiachwa pale ilipo ili msomaji aone kama ilisimama au ilianguka.